Mtoto wa miaka 2 ana "mba" inayoacha upara. Daktari kaandika vidonge vya wiki 8, baba yake kagoma

MamaNaila

Habari zenu wakuu. Naombeni mwanga kabla sijampa mtoto dawa ambayo siielewi.

Binti yangu ana miaka 2 na miezi 7, ana kilo 12. Kama wiki 7 zilizopita niliona unga mweupe kisogoni, padogo tu, kama kifungo cha shati. Nikasema mba hiyo. Nikawa nampaka mafuta, nikishalainisha nachana kwa kitana chembamba, unga unatoka, kesho yake umerudi pale pale. Wiki ya tatu nikaona nywele za hapo zimepungua. Duka la dawa wakanipa krimu ya fangasi, nikapaka asubuhi na jioni wiki 3 bila kukosa hata siku moja. Magamba yakatulia, nikashukuru Mungu. Kumbe chini kwa chini inapanuka. Sasa ana viraka vitatu, na kile cha kwanza kimekuwa kama kizibo cha chupa.

Jana daktari kamtazama kama dakika tano, kamshika nyuma ya shingo, kaandika vidonge vya griseofulvini, nusu ya kidonge cha miligramu 500 kila siku kwa wiki 8. Baba yake kusikia wiki 8 akasema haiwezekani, ini la mtoto litaharibika kwa sababu ya mba. Vidonge viko kabatini, sijafungua.

Maswali yangu mawili. Nitajuaje kweli kuwa haya ni mapunye na siyo mba? Na kama ni fangasi, krimu ya fangasi imeshindwa nini?

Kipanga77

Pole dada. Mimi mba nimeishi nayo miaka 10, siri ni shampuu ya mba mara mbili kwa wiki na kuacha mafuta mazito. Usisugue kwa kucha. Ndani ya mwezi mabega yangu yalikuwa safi.

MamaNaila

Asante kaka, lakini huyu ni mtoto wa miaka miwili, na nywele zinakatika.

Kipanga77

Ooh, nimesoma kichwa cha habari nusu. Samahani.

BabaPacha

Hayo ni mapunye, wala usiumize kichwa. Lakini kwa vidonge namuunga mkono mzee mwenzangu. Mmoja wa mapacha wangu alipata choa shavuni, duara kabisa na ukingo mwekundu. Klotrimazoli ya kupaka wiki 3 ikaisha, hadi leo hakijarudi. Fangasi ni fangasi. Mnyoe kipara krimu iingie vizuri, ongeza wiki nyingine mbili, halafu rudisha hivyo vidonge.

Muuguzi_wa_Ngozi

Mama Naila, nimefanya kazi kliniki ya ngozi miaka mingi na habari yako naisikia karibu kila wiki, hata hiyo hatua ya "magamba yakatulia nikashukuru". Kabla sijasema lolote, naomba unifanyie kitu. Mkalishe mtoto dirishani au washa tochi ya simu, tazama kile kiraka kikubwa kwa karibu, halafu uniambie mambo matatu. Ndani ya upara ni laini kama kiganja, au kuna vidoti vyeusi? Nywele za pembeni ya kiraka ukizishika mbili tatu na kuvuta taratibu, zinatokaje? Na pitisha vidole nyuma ya masikio na chini ya kisogo, kuna vivimbe?

MamaNaila

Nimetazama akiwa amelala.

Upara si laini. Kuna vidoti vyeusi vingi kama mtu kamwagia masizi. Nilidhani uchafu, nikafuta kwa pamba yenye maji, havitoki. Ni kama vimo ndani ya ngozi. Nywele za pembeni nimevuta tatu zikaja zote, fupi fupi, hata hakushtuka. Za upande mwingine wa kichwa nikivuta anakunja uso. Vivimbe vipo viwili, kama punje za maharage, vinateleza chini ya kidole. Ndipo pale daktari aliposhika!

Muuguzi_wa_Ngozi

Basi daktari wako hakutazama haraka haraka kama unavyodhani. Magamba, nywele kukatika na tezi za kisogoni kwa mtoto wa umri huo, vikija pamoja, wengi wetu tunaanza dawa siku hiyo hiyo hata kama kipimo hakijarudi.

Hivyo vidoti ni nywele zenyewe. Fangasi wameingia ndani ya unywele wakaudhoofisha, ukakatika pale unapotokea kwenye ngozi. Kinachobaki ni kisiki, na kisiki ndicho unachokiona cheusi. Mba haifanyi hivyo. Mba inakaa juu ya ngozi, inasambaa kichwa kizima bila mpaka, na nywele zinabaki mahali pake. Upara wa ghafla usio na magamba, laini kabisa, huo nao ni ugonjwa mwingine, na ndiyo maana nilikuuliza kama ni laini.

Lakini jambo ninalotamani kila mama angelijua ni la umri. Mba inahitaji mafuta ya ngozi ya kichwa, na mafuta hayo yanaendeshwa na homoni. Mtoto mchanga anayo kidogo aliyotoka nayo tumboni, ndiyo maana wachanga hupata yale maganda ya njano yenye mafuta utosini, na mara nyingi kufikia mwaka mmoja yamekwisha. Baada ya hapo kichwa cha mtoto kinakuwa kikavu hadi anapokaribia kubalehe. Kwa hiyo mtoto wa miaka 2, 4 au 6 mwenye "mba", mimi nahesabu ni mapunye hadi nithibitishiwe vinginevyo. Wapo wenye pumu ya ngozi au magamba ya aina nyingine, sikatai, ila mba ya kweli umri huo ni adimu sana.

BabaPacha

Sawa, nakubali ni mapunye, tangu mwanzo nilisema. Ila hujajibu hoja yangu. Choa cha mwanangu kilikufa kwa krimu. Ngozi ya shavu na ngozi ya kichwa zote ni ngozi.

Muuguzi_wa_Ngozi

Hoja yako ni nzuri, na nusu yake ni kweli. Choa cha shavuni krimu inakiponya, hata mimi ningekupa klotrimazoli. Kule fangasi wamekaa kwenye tabaka la juu la ngozi, jembamba, na krimu inawafikia.

Kichwani wameingia kwenye nywele. Chukulia unywele kama mwanzi uliochimbiwa. Sehemu unayoiona iko juu ya udongo, lakini mwanzi unaendelea chini milimita kadhaa hadi kwenye shina, na wadudu wako ndani ya mwanzi wenyewe, wanashuka kuelekea chini. Ukipaka dawa juu ya udongo unasafisha udongo. Ndivyo krimu ya Mama Naila ilivyofanya: ilisafisha ngozi, magamba yakapungua, na ndani ya nywele fangasi wakaendelea kushuka na kuhamia nywele za jirani. Kunyoa nako kunakata mwanzi usawa wa udongo. Kilicho chini kinabaki.

Kidonge kinapita njia nyingine. Griseofulvini inapita kwenye damu hadi kwenye shina, na unywele mpya unapotengenezwa unazaliwa tayari umebeba dawa. Fangasi hawawezi kuota kwenye sehemu hiyo. Ila dawa hii kwa kawaida haiwaui, inawazuia tu wasikue. Wale walio kwenye sehemu ya zamani ya unywele wanabaki hapo hadi sehemu hiyo isukumwe nje, ikatike au ikatwe. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini si siku 7 kama dawa ya kifua. Ukiacha wiki ya tatu kwa sababu magamba yameisha, sehemu mpya yenye kinga ni fupi sana, na waliobaki juu wanashuka tena.

BabaPacha

Hapo nimekuelewa. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Lakini ini?

Muuguzi_wa_Ngozi

Dawa inayojulikana kuumiza ini kwa kiwango cha kutisha ni ketokonazoli ya kumeza. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza isitumike tena kwa magonjwa ya fangasi, na ya Marekani mwaka huo huo ikaweka masharti makali. Mtu akikuandikia vidonge vya ketokonazoli kwa mapunye ya mtoto, muulize mara mbili. Shampuu ya ketokonazoli ni kitu kingine, hiyo haina shida.

Griseofulvini imetumika kwa watoto tangu miaka ya 1950 mwishoni. Inachokoza mara nyingi ni tumbo na kichwa kuuma, na baadhi ya watoto ngozi inakuwa nyepesi kuungua juani. Mtoto mwenye ugonjwa wa ini hapewi, hilo daktari lazima aambiwe mapema. Mtoto mzima wa afya kwa wiki 8, mara nyingi hata damu haipimwi.

Kipimo chake nacho kiko sawa. Kwa mtoto huwa tunahesabu kama miligramu 20 kwa kilo, wengine hupanda kidogo. Kilo 12 ni 240, nusu ya 500 ni 250. Na mpe pamoja na kitu chenye mafuta, maziwa yasiyotolewa mafuta yanatosha, kwa sababu bila mafuta tumbo linainyonya vibaya. Nimeona watoto "walioshindwa na dawa" kumbe walikuwa wanameza na maji matupu asubuhi.

Shangazi_Mtu

Kwa nini wangu alipewa terbinafini, robo kidonge, wiki 4 tu? Naye alikuwa na kilo 14. Au tulipunjwa?

Muuguzi_wa_Ngozi

Hamkupunjwa. Robo ya kidonge cha 250 ndiyo dozi ya kilo 10 hadi 20. Fangasi wa mapunye wako makabila mawili makubwa. Trikofitoni wanaoambukizana watoto kwa watoto, hao terbinafini inawamaliza vizuri kwa wiki 4. Mikrosporamu, ambao aina moja wanatoka kwa paka na mbwa, griseofulvini inawaweza zaidi. Pengine daktari alimulika kwa ile taa ya zambarau kwenye chumba chenye giza. Aina nyingi za Mikrosporamu zinang'aa kijani, Trikofitoni wa vidoti vyeusi hawang'ai. Kwa walio chini ya miaka 4, baadhi ya madaktari hawapendi kuanza na terbinafini, wengine wanaitumia bila wasiwasi. Hapo utasikia majibu tofauti kwenye kliniki mbili.

MamaNaila

Hakumulika, na hakuchukua kipimo. Nirudi nikadai? Halafu jirani ana kapaka kadogo, binti yangu hakaachi.

Muuguzi_wa_Ngozi

Vidoti vyeusi vinaelekea zaidi kwa Trikofitoni, yaani mtoto mwenzake, lakini siwezi kukuapia. Kapaka katazamwe masikio na pua kama kana sehemu zisizo na manyoya. Paka anaweza kubeba bila dalili pia.

Kipimo ni kizuri kikipatikana. Wanakwangua magamba na kung'oa vile visiki, au wanasugua kwa brashi ya meno mpya. Nywele zilizokatwa kwa mkasi hazisaidii, maana wenyewe wako chini. Chini ya hadubini jibu linaweza kutoka siku hiyo hiyo, ila kuotesha maabara kunachukua wiki 2 hadi 4, na krimu uliyopaka wiki 3 inaweza kudanganya jibu. Mimi ningechukua kipimo kisha nianze vidonge bila kungoja. Mwenzangu wa kazi angekwambia kwa dalili hizi anza tu.

Kinyozi_Mkongwe

Naomba niseme upande wangu. Wazazi wananiletea watoto hawa niwanyoe kipara "dawa ipenye". Nikiona viraka vya unga sipitishi mashine, maana mtoto anayefuata kwenye kiti ndiye atakayelipa. Kupulizia spiriti juu juu haitoshi, meno ya mashine lazima yafunguliwe, yapigwe brashi nywele zote zitoke, ndipo yalowekwe. Na kitana cha nyumbani ni hivyo hivyo, jamani. Familia nzima kitana kimoja.

Muuguzi_wa_Ngozi

Mzee umesema. Vitana, kofia, vibanio na foronya vyote vifuliwe au vilowekwe kwenye maji ya dawa ya kutakatisha nguo, visivyofulika vitupwe. Nywele zikipunguzwa kwa mkasi wa nyumbani si vibaya, lakini hakuna haja ya kumnyoa mtoto wa kike kipara akachekwa.

Shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu inaingia hapa: mara 2 kwa wiki, povu likae dakika 5 kichwani ndipo uoshe. Haiponyi mapunye. Inapunguza mbegu za fangasi zinazodondoka ili asiambukize wenzake. Ndugu zake waoshwe nayo pia hata kama vichwa vyao vinaonekana safi, wapo wanaobeba bila kuonyesha chochote.

Shangazi_Mtu

Ngoja niwasimulie ili baba Naila asome. Mpwa wangu, miaka 5, mapunye yalipuuzwa miezi. Siku moja pakavimba kama andazi lililolowa, usaha unachuruzika kwenye matundu mengi, nywele zinatoka kwa vishungi. Tulikompeleka wakasema jipu, wakapasua. Usaha ukatoka kidogo tu, wakampa antibiotiki, siku 10 hakuna nafuu. Hospitali ya pili ndiyo wakasema ni mapunye yaliyochachamaa, halikuwa jipu la kupasuliwa. Akapewa vidonge vya fangasi, pakanywea. Ila pale katikati hapajaota nywele mpaka leo, pana kovu linalong'aa.

BabaPacha

Duh.

MamaNaila

Nimemsomea baba yake uzi wote, hasa habari ya mwanzi na ya Shangazi. Amekubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayesaga kidonge. Leo siku ya kwanza: kasaga kati ya vijiko viwili, kachanganya na maziwa, binti kameza akaomba tena.

MamaNaila (baada ya siku 8)

Jamani nimeingiwa na hofu. Tangu jana ana vipele vidogo vidogo vingi, masikioni, kwenye paji la uso na shingoni, vimeanza kushuka mgongoni. Vinamwasha. Baba yake anasema "nilisema", kaficha vidonge. Nimesimamisha leo.

Muuguzi_wa_Ngozi

Kabla ya lolote: ana homa? Uso au midomo imevimba? Vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi inabanduka, anapumua kwa shida? Kama kuna hata kimoja, acha dawa na nenda hospitali sasa hivi, usinijibu hapa.

MamaNaila

Hakuna. Anacheza, anakula. Ni vipele tu, vidogo kama vichwa vya pini, vyote vinafanana.

Muuguzi_wa_Ngozi

Inaelekea ni kitu tunachokiona mara kwa mara wiki ya kwanza au ya pili. Vipele hivyo havina fangasi ndani. Ni mwili wenyewe, umeamka na unapambana na mapunye, na mapambano yanajitokeza kwenye ngozi ya mbali. Watu wengi hudhani ni mzio wa dawa wanaacha, na mapunye yanarudi. Mzio wa dawa mara nyingi ni mabaka yanayovimba na kuhama hama, au wekundu wa mwili mzima.

Lakini mimi naona maandishi, sioni mtoto. Kesho mpeleke kwa daktari yule yule aamue kwa macho yake, na vidonge uende navyo.

MamaNaila (siku iliyofuata)

Kasema hivyo hivyo. Kaandika krimu ya kutuliza muwasho kwa ajili ya mwilini tu, kanionya nisiipeleke kichwani, na vidonge viendelee. Nimemuuliza kama aende shule ya awali, kasema akishaanza vidonge na shampuu aende. Mwalimu kasema asirudi hadi nywele ziote.

Kinyozi_Mkongwe

Mwalimu namwelewa, ana watoto 30 wanaolalia mikeka ile ile.

Muuguzi_wa_Ngozi

Namwelewa pia, lakini nywele huchukua miezi kujaa. Amzuie miezi mitatu? Mwombe daktari akuandikie barua.

MamaNaila (wiki ya 6)

Vipele vilikwisha ndani ya wiki mbili. Magamba hakuna. Tezi moja imepotea, nyingine bado naipata nikitafuta sana. Kwenye kiraka kikubwa vidoti vyeusi vimepungua sana, na jana kwa tochi nimeona nywele laini zimechomoza, fupi, kama manyoya ya kifaranga. Nikivuta, analia.

Barua mwalimu alikataa, binti yuko nyumbani na bibi yake. Kapaka ka jirani hakana alama yoyote. Na sasa kaka yake wa miaka 6, ambaye tulimwosha shampuu wiki mbili tu tukasahau, nimeona unga padogo juu ya sikio. Nywele bado zipo.

Muuguzi_wa_Ngozi

Binti maliza wiki zote 8, na daktari amwone kabla hujaacha, maana wengine huongezewa. Kaka mtu usimpake kitu chochote. Mpeleke wakwangue kipimo kwanza, huyu bado hajadanganywa na krimu.

BabaPacha

Na kitana?

MamaNaila

Kila mtu na chake. Cha baba yake kimeandikwa jina kwa wino.